Jinsi ya Kuchagua Bidhaa ya Kuuza Kabla Hujatoa Fedha ya Mzigo: Mwongozo Kamili kwa Muuzaji wa Dar es Salaam

Wasomaji wengi wanaoniandikia huniuliza namna ya kuuza mzigo ambao tayari umejaa chini ya kitanda. Swali hilo huja limechelewa. Mwongozo huu unashughulikia hatua zilizo nyuma yake: namna ya kujua, kwa gharama ndogo, kama kuna watu wanaoitaka bidhaa fulani, kama wauzaji waliopo wamekuachia nafasi, na kama bei ya kuuzia inabakiza kitu baada ya gharama zote kulipwa.

Nitatumia bidhaa moja tangu mwanzo hadi mwisho: kava la godoro lisilopitisha maji. Nimeichagua kwa sababu nimeiuza, na kwa sababu mara ya kwanza niliingia hasara. Nilinunua makava 40 yenye kipimo cha sentimita 150 kwa 200 bila kujiuliza kwamba godoro la futi 5 kwa 6, ambalo ndilo lililo katika nyumba nyingi za hapa, ni takriban sentimita 152 kwa 183. Kava lilikuwa jembamba kidogo kwa upana na refu kupita kiasi kwa sentimita 17, hivyo lastiki ililegea miguuni na kava likahama kila usiku. Aliyeniuzia hakunidanganya kwa lolote. Mimi ndiye sikupima.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja la bidhaa moja. Usichanganye bidhaa mbili katika daftari moja, kwani utajikuta ukiihurumia ile uipendayo.
- Simu yenye WhatsApp Business, ili uweze kuwawekea wateja lebo, pamoja na akaunti ya Instagram au Facebook.
- Lipa Namba ya mtandao wowote wa simu, kwa ajili ya kupokea amana.
- Kadi ya kulipia matangazo, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayotolewa kupitia simu.
- Futi kamba, kwa bidhaa yoyote yenye kipimo.
- Takriban shilingi 150,000 ambazo uko tayari zisirudi. Katika mfano wangu, sampuli mbili zilikula 42,000, matangazo 80,000, na nauli na vitu vidogo vikamaliza zilizobaki.
- Wiki tatu, ambazo kwa watu wengi ni ngumu kuzipata kuliko hizo fedha.

## Hatua ya 1: Iandike bidhaa kwa sentensi yenye mteja ndani yake

Ukiandika "nitauza vyombo vya nyumbani" hujaandika kitu kinachoweza kupimwa. Andika sentensi inayotaja kitu, mtu anayekihitaji, na shida inayomfanya akitafute leo. Sentensi yangu ilikuwa hii: kava la godoro lisilopitisha maji, lililoshonwa kwa vipimo vya magodoro ya hapa, kwa mzazi ambaye mtoto wake bado anakojoa kitandani na ambaye amenunua godoro jipya.

Sentensi ya namna hii hufanya kazi mbili. Inakuonyesha maneno ya kutafuta katika hatua inayofuata, na inakuonyesha wateja wengine walio jirani. Kwangu walijitokeza wawili: anayemuuguza mzee nyumbani, na mwenye vyumba vya kupangisha kwa siku.

Katika hatua hii pia ondoa bidhaa zinazohitaji kibali usichokuwa nacho. Vipodozi na vyakula vinasimamiwa na TBS tangu mwaka 2019, na dawa pamoja na vifaa tiba viko chini ya TMDA. Kava la godoro ni kitambaa tu, mradi usilitangaze kwamba linatibu kukojoa kitandani. Ukishasema linatibu, umeingia katika eneo la watu wengine.

Umefaulu ikiwa mtu asiyeijua biashara yako anaweza kusoma sentensi hiyo na kukutajia jina la ndugu au jirani anayefaa kuwa mteja.

## Hatua ya 2: Tafuta dalili za mahitaji bila kutoa fedha

Mahitaji hayapimwi kwa kuwauliza rafiki zako kama wangenunua. Watakujibu kwa adabu kwamba wangenunua. Unatafuta nyayo zilizoachwa na watu ambao hawakujua kwamba unawatazama.

Anza na Google Trends. Chagua Tanzania, weka kipindi cha miaka mitano, na ujaribu maneno yote mawili, kila moja peke yake, la Kiswahili na lile ambalo watu huliandika kwa Kiingereza wanapotafuta:

```
kava la godoro
mattress protector
```

Elewa kinachoonyeshwa pale. Namba za 0 hadi 100 ni ulinganisho wa kipindi kimoja na kingine, na 100 ni kilele cha neno hilo lenyewe katika kipindi ulichochagua. Hazihesabu watu. Neno lenye watafutaji wachache nchini linaweza kuonyesha sifuri tupu, na sifuri hiyo haithibitishi kwamba hakuna wateja. Mimi huitumia Google Trends kwa swali moja tu: je, bidhaa hii ina msimu? Mtu anayeuza mabegi ya shule anapaswa kujua kwamba shule zinafunguliwa Januari na Julai kabla hajaagiza mzigo utakaofika Machi.

Kisha nenda mahali ambapo watu huuliza maswali. Soma maoni chini ya machapisho ya wauzaji wa magodoro na ya kurasa za malezi, na uandike daftarini kila swali linalohusu shida yako, pamoja na tarehe yake. Maswali yenye thamani ni yale yanayotaja kipimo, mahali au bei: "Mnalo la nne kwa sita?", "Mnaleta Kigamboni?" Sifa kama "nzuri sana" ziache zipite.

Kuna tahadhari hapa ambayo sikuijua mwanzoni. Mahitaji mengine yana aibu ndani yake. Mama hataandika hadharani kwamba mtoto wake wa miaka tisa bado anakojoa, na mwenye mzazi mgonjwa hatamdhalilisha mbele ya watu. Tangazo langu la majaribio, ambalo nitalieleza mbele, lilipata maoni matatu tu hadharani, ilhali jumbe za faragha zilikuwa 64. Kwa hiyo, ikiwa bidhaa yako inagusa mwili, ugonjwa au madeni, uchache wa maoni usikuvunje moyo, bali subiri hatua ya 5.

Chanzo cha tatu ni kuzungumza na watu watano ambao tayari wana shida hiyo, na kuwauliza wanaitatuaje sasa na wametumia kiasi gani. Usiitaje bidhaa yako. Wanne kati ya watano wangu walikuwa wanatandika nailoni chini ya shuka, na wote wanne walilalamikia joto na kelele za nailoni usiku. Mmoja alikuwa ameshatupa godoro. Jibu hilo la nailoni lina uzito, na tutalirudia.

Umefaulu ikiwa una angalau maswali 20 ya kununua yaliyoandikwa ndani ya miezi mitatu iliyopita, na angalau watu watatu kati ya watano wameshatoa fedha kwa ajili ya suluhisho wasiloliridhia. Kiwango hicho cha 20 ni changu kutokana na uzoefu, na unaweza kukipunguza kwa bidhaa ya bei kubwa. Sharti la pili usilipunguze.

## Hatua ya 3: Hesabu maduka, usihesabu akaunti

Wengi hukata tamaa hapa bila sababu, na wengine hujipa moyo bila sababu, kwa sababu wote wawili huhesabu kitu kisichofaa.

Ukitafuta bidhaa Instagram utaona akaunti 15 zenye picha ileile. Nyingi kati ya hizo ni za mawinga wa Kariakoo, ambao hawana mzigo. Wanapiga picha dukani, wanaweka cha juu yao, na mteja akilipa ndipo wanakwenda kuchukua pisi moja. Akaunti 15 zinaweza kuwa maduka mawili tu. Ili kujua, waombe wauzaji kama mteja wa kawaida wakutumie video fupi ya bidhaa ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo. Mwenye mzigo atakutumia ndani ya dakika chache. Winga atakutumia kesho, au atakuuliza kwanza kama una uhakika wa kununua.

Nilipofanya hivyo, kati ya akaunti 14 zilizoonyesha makava, nne zilituma video. Kati ya nne hizo, tatu zilikuwa na vipimo vya sentimita vilevile vilivyoniumiza, yaani 120, 150 na 180 kwa 200. Moja tu ilikuwa na 5 kwa 6 halisi, na haikuwa na 3½ kwa 6, ambayo ndiyo ya vitanda vingi vya deka wanakolala watoto. Pengo lilikuwa hapo. Wauzaji walikuwepo, lakini kipimo hakikuwepo.

Baada ya hapo fungua `facebook.com/ads/library`, chagua Tanzania na `All ads`, kisha andika jina la bidhaa. Ukurasa huo unaonyesha matangazo yanayoendelea kulipiwa sasa kwenye Facebook na Instagram, na kila tangazo lina tarehe liliyoanza, katika mstari unaosema `Started running on`. Tangazo la siku tatu halisemi lolote. Tangazo ambalo mtu ameendelea kulilipia kwa miezi miwili bila kulibadilisha huenda linamrudishia fedha yake, na hivyo linathibitisha mahitaji na ushindani kwa pamoja.

Sasa nenda Kariakoo kwa miguu, siku ya kazi, asubuhi, kabla ya msongamano. Ulizia maduka yasiyopungua sita, katika mitaa isiyopungua miwili, na kila duka uliza maswali mawili: bei ya pisi moja, na bei ya jumla inaanzia pisi ngapi. Usifuatane na winga siku hiyo, kwa kuwa bei utakayoiandika itakuwa ya kwake na si ya duka. Ikiwa bei ya pisi moja inazidi ile ya jumla kwa shilingi elfu moja au mbili tu, bidhaa hiyo imeshajaa. Mteja yeyote anayeweza kupanda daladala atainunua kwa bei unayoinunulia wewe. Makava ya simu yako katika hali hiyo, na sijui kwa nini watu wanaendelea kuniuliza juu yake.

Mshindani wa mwisho ni kile ambacho watu wanakitumia sasa. Kwangu ilikuwa nailoni, inayouzwa kwa bei ndogo sana na inayozuia maji vizuri kabisa. Siwezi kuishinda kwa bei wala kwa kuzuia maji. Naweza kuishinda kwa joto na kelele peke yake, na kwa hiyo tangazo langu lilipaswa kuzungumzia usingizi. Ukishindwa kutaja kwa sentensi moja unalolizidi suluhisho la sasa, bidhaa hiyo iache.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika: "Wenye mzigo halisi ni fulani na fulani, na wote wamekosa jambo hili." Jambo hilo liwe linaonekana kwa macho au linapimwa kwa futi kamba. "Huduma nzuri" haihesabiki.

## Hatua ya 4: Pata sampuli mbili na ujaribu kuziharibu

Nunua au shonesha mbili. Moja utaipiga picha na nyingine utaiharibu.

Kwa kuwa vipimo vya madukani havikufaa, nilinunua kitambaa chenye utando wa kuzuia maji upande wa chini, nikampelekea fundi cherehani. Gharama kwa kava la 5 kwa 6 ilikuwa hivi: kitambaa 14,500, lastiki 1,500, ufundi 5,000, jumla shilingi 21,000. Pembeni tulishona kitambaa chepesi cha kawaida chenye kina cha sentimita 30: 20 za kufunika unene wa godoro la inchi 8, na 10 za kuingia chini yake.

Sampuli ya kuharibiwa nilitandika juu ya karatasi laini za chooni, nikamwaga nusu lita ya maji katikati, nikaacha saa moja. Karatasi zilibaki kavu isipokuwa sehemu moja. Maji yalikuwa yamepita kwenye matundu ya sindano, mahali ambapo fundi alikuwa ameunganisha vipande viwili juu ya godoro. Tangu hapo sharti likawa kwamba upande wa juu uwe kipande kimoja kisicho na mshono. Sharti hilo likaondoa kipimo kizima sokoni kwangu, kwa kuwa kitambaa changu kilikuwa na upana wa mita 1.6, na godoro la 6 kwa 6 linahitaji zaidi ya mita 1.83. Niliamua kutouza 6 kwa 6, jambo ambalo lingeniumiza sana kama ningeligundua nikiwa na mzigo.

Nilifua sampuli hiyo mara tano na kurudia jaribio la maji kila mara. Ilipoanikwa kivulini ilivumilia. Tulipoipiga pasi kwa makusudi, utando ulianza kubanduka, na maelezo hayo yakaingia kwenye karatasi ya mteja.

Umefaulu ikiwa umeshaiona bidhaa ikishindwa, unajua inashindwa wapi, na umeamua kama kasoro hiyo inarekebishika au inamaliza safari.

## Hatua ya 5: Uza kabla ya mzigo kuwepo

Weka tangazo la kulipia linalompeleka mteja moja kwa moja WhatsApp, kwa siku kumi, shilingi 8,000 kwa siku. Tumia picha za sampuli yako mwenyewe. Picha ya mtu mwingine itakuletea wateja wa bidhaa usiyokuwa nayo.

Mweleze kila mteja ukweli: kava linashonwa kwa kipimo chake, litamfikia ndani ya siku nne, amana ni shilingi 10,000 kwa Lipa Namba, na zinazobaki atalipa akipokea. Ukishindwa, amana inarudi siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo amana usiitumie kulipia tangazo wala kula. Ikae palepale hadi kava lifike.

Kwa nini amana? Kwa sababu neno "nitachukua" halina gharama kwa anayelisema. Nilihesabu namna hii: jumbe 64, waliotaja kipimo cha godoro 31, ambao watano kati yao walitaka 6 kwa 6 nikawaomba radhi, waliosema wamekubali bei 14, waliolipa amana 9. Kama ningeishia kwa waliokubali, ningeamini kwamba mahitaji ni makubwa kuliko yalivyo kwa zaidi ya nusu.

Siku tano za kwanza niliuza kwa shilingi 32,000, na tano zilizofuata kwa 38,000. Anza na bei ya chini kisha upandishe. Ukianza na ya juu ukashusha, waliolipa mwanzo watakudai tofauti, nao watakuwa na haki. Usiweke bei mbili siku moja, kwa kuwa wateja hutumiana picha za mazungumzo.

Kwa 32,000 nilipata maagizo matano ya makava saba. Kwa 38,000 nilipata maagizo manne ya makava sita. Idadi hizi ni ndogo, na mtu wa takwimu angenikataza kudai chochote kwa uhakika. Zinatosha hata hivyo kuonyesha kwamba nyongeza ya shilingi 6,000 haikuwafukuza wateja, na swali la kiasi gani kinabaki mfukoni likawa la kukokotoa tu.

Umefaulu ikiwa watu wasiokufahamu wamelipa amana. Ndugu, wanakwaya wenzako na wafanyakazi wa ofisini kwako wasihesabiwe.

## Hatua ya 6: Kokotoa faida kwa agizo, ukiingiza gharama ya kumpata mteja

Kosa la kwanza ni kuchanganya asilimia. Ukinunua kwa 21,000 na kuuza kwa 38,000, tofauti ni 17,000. Ukiigawa kwa bei ya kununulia unapata asilimia 81, na ukiigawa kwa bei ya kuuzia unapata karibu asilimia 45. Tumia ya pili siku zote, kwa kuwa gharama zote zinazofuata zitatoka ndani ya bei ya kuuzia.

Kosa la pili ni kuhesabu kwa pisi. Tangazo, bodaboda na makato ya miamala hulipwa kwa kila mteja, na mteja mmoja anaweza kuchukua makava mawili. Hesabu kwa agizo. Hapa nimechukua gharama ya 21,000 kwa kila kava, bila kutofautisha vipimo, ili hesabu isomeke kirahisi.

| Kwa agizo moja (shilingi) | Bei 32,000 | Bei 38,000 |
|---|---|---|
| Makava kwa agizo | 1.4 | 1.5 |
| Mauzo | 44,800 | 57,000 |
| Gharama ya makava | 29,400 | 31,500 |
| Faida ghafi | 15,400 | 25,500 |
| Tangazo | 8,000 | 10,000 |
| Mfuko na karatasi ya maelezo | 1,000 | 1,000 |
| Safari zilizoshindikana | 2,000 | 2,000 |
| Makato ya miamala | 1,200 | 1,500 |
| Kinachobaki | 3,200 | 11,000 |

Safu ya tangazo imepatikana kwa kugawa shilingi 40,000 za kila kipindi kwa idadi ya maagizo yaliyolipiwa. Safu ya safari zilizoshindikana ndiyo watu huisahau. Nauli ya bodaboda hulipwa na mteja, lakini mteja mmoja wa Goba alizima simu bodaboda akiwa getini, na mwingine alikosea kipimo ikabidi nibadilishe kwa gharama yangu. Safari mbili za 9,000 zikigawanywa kwa maagizo tisa ni 2,000 kila moja. Kuhusu mfuko, kumbuka kwamba ile ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo weka bei ya mfuko mbadala.

Kwa bei ya kwanza, maagizo matano yalibakiza shilingi 16,000. Kwa bei ya pili, maagizo manne yalibakiza 44,000. Wateja walikuwa wachache, na fedha ikawa karibu mara tatu.

Kipimo ninachokitumia sasa ni kimoja: faida ghafi ya agizo iwe angalau mara mbili na nusu ya gharama ya tangazo kwa agizo hilo. Kwa 32,000 ilikuwa mara 1.9, na kwa 38,000 mara 2.5 na kidogo. Ndiyo maana bidhaa ya shilingi 12,000 ni vigumu kuiuza kwa tangazo la kulipia. Hata ukiipata kwa 6,000, faida ghafi ya pisi moja haimlipii hata mteja mmoja aliyekuja kwa tangazo. Bidhaa ya namna hiyo inataka meza barabarani, au wanunuzi wa dazeni.

Hesabu hii haijaweka muda wako, leseni ya biashara wala kodi. Fanya makadirio ya kodi katika ofisi ya TRA ya wilaya yako, kisha gawa gharama hizo za mwaka kwa maagizo unayoyatarajia. Kama kinachobaki baada ya hapo kinakuaibisha ukikilinganisha na saa unazotumia kujibu jumbe, daftari lifungwe.

Umefaulu ikiwa unaweza kupunguza maagizo kwa robo, katika karatasi, ilhali tangazo linabaki palepale, na bado mstari wa mwisho haujaenda chini ya sifuri. Kwangu, maagizo matatu badala ya manne yangepandisha tangazo hadi takriban 13,300 kwa agizo, na kilichobaki kingekuwa karibu 7,700. Kwa bei ya 32,000 jaribio hilohilo lingebakiza chini ya 2,000.

## Hatua ya 7: Agiza mzigo wa kwanza kwa uwiano wa amana

Mzigo wa kwanza unafuata amana zilizolipwa. Makava yangu 13 yaligawanyika hivi: sita ya 5 kwa 6, manne ya 3½ kwa 6, na matatu ya 4 kwa 6. Niliagiza 20 kwa uwiano huohuo: tisa, sita na matano. Kwa 21,000 kila moja ni shilingi 420,000, na fundi alipewa nusu kwanza.

Pokea mzigo kwa futi kamba mkononi. Pima kila kava, kisha chagua mawili bila mpangilio na urudie jaribio la maji. Fundi aliyeshona sampuli kwa uangalifu anaweza kumpa kijana wake zile 20, na kijana hajui habari ya mshono wa juu. Katika mzigo wangu wa kwanza mawili yalikuwa na mshono katikati, nikayarudisha kabla sijamalizia malipo.

Usiagize tena kwa sababu kipimo kimoja kimekwisha. Subiri hadi makava 14 kati ya 20 yauzwe, kisha ukokotoe upya jedwali la hatua ya 6 kwa namba za mauzo hayo, kwa kuwa gharama ya tangazo kwa agizo hupanda pale wateja wa karibu wanapokwisha kuliona. Ikiwa faida ghafi imeshuka chini ya mara mbili ya tangazo, badilisha picha na maneno ya tangazo kwanza. Ikiwa imeshuka tena, uza yaliyobaki kwa wenye vyumba vya kupangisha kwa bei ya pamoja, bila kulipia tangazo, na uanze daftari jingine katika hatua ya 1.